Mzazi akiandika "nimeklike" au "nimetuma kaptire", mtajuaje yuko kwenye simu au kwenye ordinatere?

Dada_wa_Bordero

Jambo wote. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo hapa Lubumbashi, tunasimamia malipo ya minervali kwa shule kadhaa za binafsi. Mzazi anaingia kwenye ukurasa wetu, anaandika namba ya mtoto, anaweka picha ya bordero ya benki, anathibitisha, basi. Ikikwama anatuandikia, kwa barua pepe au kwa WhatsApp.

Shefu anataka kujua kabla ya rentre ya Septemba: hawa wanaokwama wanatumia nini zaidi, simu au ordinatere? Pesa iliyopo inatosha kurekebisha upande mmoja tu kwanza. Ukurasa wenyewe hauweki kumbukumbu yoyote ya kifaa cha mtu, na kijana aliyeutengeneza alishahama mji. Tulicho nacho ni mesaji za mwaka mzima uliopita.

Mwenzangu ofisini ana mpango wake. Aliyeandika "nimeklike" tumhesabu ordinatere. Aliyeandika "nimefinya" au "nimegusa", simu. Aliyetuma kaptire, simu. Aliyesema "piesi jointi" au "fishie", ordinatere. Tujumlishe, tumpelekee shefu.

Mimi roho inakataa, lakini nikiulizwa kwa nini nakosa la kusema. Mnasemaje?

---

Fundi_Kamalondo

Yaya, achana na ile mambo ya maneno, batu beko naandika vile banataka. Angalia jina ya fishie. Miye niko natengeneza masimu, kila siku niko naona. Jina ikianza na `IMG_` na mwisho ni `.PNG`, ile ni kaptire ya iPhone. Ikianza na `Screenshot_`, na kale kamusitari ka chini, ile ni Android. Samsung inaongeza hata jina ya aplikasio, utaona `Screenshot_20240312_081422_Chrome.jpg`. Ikiwa `Capture d’écran (41).png`, ile ni ordinatere ya Windows ya Kifaransa. Na ikiwa `IMG-20240312-WA0017.jpg`, ile ni mutu wa Android ametuma kwa WhatsApp. Njo hivi tu, hakuna kazi ingine.

---

Tantini_Reso

Dada, roho yako inakataa kwa haki. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha kupokea malalamiko ya wateja, na kukisia mtu ameshika nini mkononi ndiyo iliyokuwa nusu ya kazi. Ukimwambia mtu wa simu "shikilia Ctrl", umempoteza.

Kwanza nikuulize: ukurasa wenu wenyewe unamwambia mzazi nini? Kile kitufe kina maelezo gani juu yake?

---

Dada_wa_Bordero

Umeandikwa "Cliquez sur Valider". Hivyo hivyo kwenye simu na kwenye ordinatere.

---

Tantini_Reso

Basi hapo mpango wa mwenzako umeanguka mguu mmoja. Mzazi anayeandika "nimeklike pa Valider" anawarudishia neno lenu wenyewe. Ninyi mmemwambia aklike, naye anawaambia ameklika. Angekuwa na simu ya kugusa, angekuwa na tableti, angekuwa na suri, angeandika vilevile. Isitoshe hapa kwetu kuklike ni kila kitu: mtu anaklike kwenye simu, anaklike kwenye mashine ya benki, anaklike kwenye rimoti ya televisheni.

"Kufinya" nako ni hivyo. Kitufe cha kibodi kinafinywa, suri inafinywa, kioo kinafinywa. "Kugusa" kuna uzito kidogo zaidi, ila watu wa kwetu wanaoliandika ni wachache, na mara nyingi ni wale ambao simu yao imewekwa kwa Kiswahili na maelekezo yake husema "gusa".

Maneno yenye uzito wa kweli ni yale yanayotaja tendo ambalo kifaa kingine hakiwezi. Mtu akiandika "nimeklike kulia ikatoa orodha", hapo kuna suri au padi ya leptopu. Akiandika "nimeshikilia kidole mpaka ikatetemeka", ni simu. Bora kuliko yote, na utayakuta kwenye malalamiko ya fomu, ni haya: "kibodi inafunika kitufe, sioni pa kuthibitisha". Ordinatere ya kawaida haina kibodi inayopanda juu ya ukurasa. Ukiona sentensi hiyo, weka kwenye simu au tableti bila wasiwasi.

Upande wa piesi jointi, neno lenyewe halina faida. Ila mtu akieleza alama aliyoifinya, sikiliza. Kwenye WhatsApp ya Android alama ya kuambatisha ni kibanio cha karatasi, kwenye iPhone ni alama ya kujumlisha. Tatizo ni WhatsApp ya kwenye ordinatere: zamani ilikuwa na kibanio, baadaye ikahamia kwenye kujumlisha. Kwa hiyo hata hiyo ni dalili ya kusaidia nyingine, haisimami peke yake.

Fundi, majina yako ya kaptire ni sahihi. Ila kwenye `WA0017` tutazungumza, maana umeshika mkia badala ya kichwa.

---

Mwalimu_wa_Ruashi

Samahani ndugu zangu, nimeona mnazungumza kaptire na aina za simu. Mimi nimeibiwa simu kwenye taksi-basi wiki iliyopita. Mtu mmoja ameniletea kaptire anasema imetoka kwenye simu yangu, eti nimlipe ndipo airudishe. Naweza kujua kwa kaptire hiyo kama kweli ni simu yangu?

---

Tantini_Reso

Pole Mwalimu. Kaptire inaweza kuonyesha aina ya mfumo na umbo la kioo. Haionyeshi ni simu ipi kati ya zote za aina hiyo. Kitambulisho cha simu ni namba ya IMEI, iliyo kwenye katoni uliyonunulia. Mwambie akupigie picha kioo baada ya kufinya `*#06#` kwenye sehemu ya kupiga simu, ulinganishe na katoni. Hata hivyo picha hutengenezwa, kwa hiyo pesa isitangulie. Na kwa kweli fungua uzi wako, utapata wa kukusaidia zaidi.

---

Fundi_Kamalondo

Tantini, mukia namna gani? WA ni WhatsApp, na ile jina iko natoka kwa Android. Miye naiona kila siku mu galeri.

---

Tantini_Reso

Unaiona kwenye galeri ya nani, Fundi? Hilo ndilo swali. WhatsApp ikipeleka picha haibebi jina lake la asili. Simu inayoipokea ndiyo inayoibatiza upya inapoihifadhi. Android ya mpokeaji itaandika `IMG-`, tarehe, halafu `WA` na namba ya kuhesabu za siku hiyo. Ukiipakua picha ileile kwa WhatsApp ya kwenye ordinatere, itaitwa `WhatsApp Image 2024-03-12 at 08.14.22.jpeg`. Kwa hiyo Dada akihesabu majina ya picha zilizoingia kwenye simu ya ofisi, atapata kwamba wazazi wote wana Android. Kumbe amehesabu simu ya ofisi yake!

Jina la WA lina maana pale tu linapokufikia kwa njia nyingine, tuseme limeambatishwa kwenye barua pepe. Hapo linasema kwamba picha ilipita kwenye WhatsApp ya Android fulani, mahali fulani, kabla ya kukufikia. Ya nani? Halisemi.

Na picha haibadilishwi jina tu. Ikitumwa kwa ubora wa kawaida, WhatsApp huipunguza mpaka upande mrefu uwe na pikseli 1600 hivi. Mtu mwenye kioo cha 1080 kwa 2400 akituma kaptire, inakufikia ikiwa 720 kwa 1600. Sasa 720 kwa 1600 ni kioo halisi cha simu nyingi za bei ya chini. Ukisoma ukubwa bila kujua hilo, utamwambia shefu wazazi wengi wana simu dhaifu, na huenda nusu yao wana simu nzuri. Kwenye ordinatere ni hivyohivyo: kioo cha 1920 kwa 1080 kinashuka kuwa 1600 kwa 900, na kuna leptopu zenye kioo cha 1600 kwa 900 kweli.

Kinachobaki salama ni umbo. Picha ndefu iliyosimama, yenye urefu wa zaidi ya mara mbili ya upana, ni simu. Iliyolala yenye uwiano wa 16 kwa 9, na mstari wa madirisha chini yake, ni ordinatere. Lakini umbo halikuambii iPhone au Samsung. iPhone ya 1170 kwa 2532 na Samsung ya 1080 kwa 2340 zikishapunguzwa zinatofautiana kwa pikseli moja hivi ya upana. Hapo angalia mstari wa juu wenye saa na betri, na vitufe vya chini kama vipo.

Mzazi akituma picha kama dokima, si kama picha, jina na ukubwa hubaki vilevile. Hizo ndizo za dhahabu, zitenge.

---

Petit_wa_Kodi

Mimi ningesema mnajichosha bure na mesaji za zamani. Wekeni mstari mmoja kwenye ukurasa, mtapata ukweli:

```js
document.addEventListener("pointerdown", (e) => {
  console.log(e.pointerType);
});
```

Inarudisha `mouse`, `touch` au `pen`. Mkitaka kuhesabu mnaituma kwa seva badala ya kuichapa. Msitumie `click` kama ushahidi. Jina lake linadanganya, maana kivinjari hurusha `click` hata kidole kikigusa kioo. Niliwahi kuona ripoti ya mradi mmoja imeandika "klike nyingi, kwa hiyo watumiaji wengi wana ordinatere". Nilicheka peke yangu ofisini.

Halafu chukueni na user agent kwenye logi za seva, hapo kifaa kinajitaja chenyewe.

---

Tantini_Reso

Mstari wa kwanza ni mzuri, na kwa rentre inayokuja auweke. Ila hata wenyewe una mipaka: leptopu ya kioo cha kugusa itasema `touch`, na simu iliyochomekwa suri itasema `mouse`. Ni wachache, tusibishane juu yao.

User agent ndiyo inayonipa shida. Je, wazazi wenu huweka "Version pour ordinateur" kwenye Chrome ya simu?

---

Dada_wa_Bordero

Wanaweka sana! Jedwali la malipo linakatika upande wa kulia kwenye simu, kitufe kinapotea. Sisi wenyewe ndio tunaowaambia waweke hiyo.

---

Tantini_Reso

Petit, umesikia. Simu ya Android ikiwekwa hivyo, Chrome inajitangaza hivi:

```
Mozilla/5.0 (X11; Linux x86_64) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/122.0.0.0 Safari/537.36
```

Hakuna neno Android wala Mobile humo. Ukihesabu kwa logi utamwambia shefu kwamba Lubumbashi imejaa ordinatere za Linux. Na iPad, tangu mfumo wake wa mwaka 2019, huomba kurasa za ordinatere bila kuambiwa na hujitaja kama Macintosh.

Kwenye kaptire utamtambua mtu huyo kirahisi: picha imesimama kama ya simu, lakini ndani yake ukurasa ni ule mpana wa ordinatere na maandishi yamekuwa kama chawa. Huyo mhesabu simu, na andika pembeni kwamba alilazimika. Kwa shefu wako huyo ana thamani kuliko wengine, kwa sababu anaonyesha upande wa simu umevunjika wapi.

---

Petit_wa_Kodi

Sawa Tantini, hilo la Linux sikulifikiria kwa watu wa kawaida. Ila bado nasema: kwa nini msiwaulize tu? "Unatumia simu au ordinatere?" Swali la maneno manne.

---

Mama_Trezo

Mimi ni mzazi, niongee. Shule ya mwanangu iliniuliza hivyo. Nikajibu simu, kwa sababu nilikuwa nawaandikia kwa simu. Lakini fomu ilikuwa imejazwa na kijana wa sekretaria pibliki karibu na soko, kwenye ordinatere yake. Wakanitumia maelekezo ya simu, nikahangaika nayo siku nzima. Mimi nitajuaje kwamba mnauliza ya kuandikia au ya kujazia?

---

Tantini_Reso

Mama Trezo ameisema kuliko mimi. Kuna kifaa kinachoandika malalamiko, na kuna kifaa kilichokwama. Dada, unayo mesaji moja yenye mchanganyiko tuifungue hapa? Ondoa majina na namba.

---

Dada_wa_Bordero

Ninayo moja iliyotushinda. Ni barua pepe ya mwezi wa 3. Nimefuta jina la mtoto.

"Bonjour ofisi. Nimeklike pale pa Valider, inazunguka tu haifunguke. Bordero nimeiweka kama piesi jointi na kaptire pia. Munisaidie mbio, mutoto asifukuzwe."

Juu ya maneno hayo: `Envoyé de mon iPhone`. Juu kabisa, kichwa cha barua kinaanza na `Tr :`.

Viambatisho ni viwili. `IMG-20240312-WA0017.jpg`, 1200 kwa 1600, ni picha ya bordero. Na `Capture d’écran (41).png`, 1366 kwa 768, ni ukurasa wetu ukizunguka.

Mwenzangu aliihesabu ordinatere kwa sababu ya "nimeklike" na "piesi jointi". Mimi nilisema simu kwa sababu ya iPhone. Tukaiacha.

---

Fundi_Kamalondo

Hapa beko batatu! iPhone, Android na Windows.

---

Tantini_Reso

Sasa umeshika kichwa, Fundi. Tuisome polepole.

Maneno tuyaweke kando, hayasemi kitu, tumeshaona kwa nini. Ile `Tr :` inamaanisha barua imepelekwa mbele. Kwa hiyo aliyeiandika na aliyewatumia huenda ni watu wawili. Sahihi ya iPhone ni ya yule wa mwisho, tuseme baba aliye kazini, na hata hiyo ni maandishi tu ambayo mtu anaweza kuyaacha hata akibadilisha simu. Inasema kuhusu mkono wa mwisho. Haina habari za kitufe kilichogoma.

Bordero ya 1200 kwa 1600 ni picha ya kamera iliyopitia WhatsApp. Uwiano wa 3 kwa 4 ni wa kamera, si wa kioo cha simu. Jina linasema ilihifadhiwa na Android. Huenda mama aliipiga akaituma, na simu ya Android ya mtu mwingine ikaipokea. Huenda ni Android yake mwenyewe, maana nakala za ulizotuma nazo hupewa jina la namna hiyo. Hatuwezi kuchagua, na hatuhitaji.

Kinachoamua ni kaptire. `Capture d’écran` yenye namba ndani ya mabano ni jina linalotolewa na Windows ya Kifaransa mtu akifinya kitufe cha Windows pamoja na cha kaptire. PNG ya 1366 kwa 768 haijapunguzwa, ni kioo halisi cha leptopu za kawaida, na jina limebaki, kwa hiyo haikupita WhatsApp kama picha. Na ndani yake ndimo Valider inamozunguka. Kilichokwama ni ordinatere ya Windows. Maelekezo yangepaswa kwenda huko.

Angalia ajabu yake: mwenzako alipata jibu sahihi kwa sababu ambazo si sababu. Hiyo ndiyo hatari ya kuhesabu kwa maneno, mara nyingine inapatia na mtu anazidi kuiamini.

---

Dada_wa_Bordero

Tantini, nimerudi kwenye barua nyingine za wiki ile. Kuna `Capture d’écran (42).png` ya mzazi mwingine kabisa, wa shule nyingine. Na `(44)` ya mzazi wa tatu. Zote 1366 kwa 768.

---

Petit_wa_Kodi

Weee. Ni mashine moja.

---

Tantini_Reso

Ngoja kwanza. Namba hiyo ni hesabu ya ordinatere yenyewe, inapanda moja kila kaptire, na ordinatere mbili tofauti zinaweza kabisa kufika 41 na 42 wiki moja. Na 1366 kwa 768 ni kioo cha watu wengi, hakithibitishi chochote. Fungua picha zenyewe, utazame mstari wa chini: alama za programu zimepangwa vilevile? Kuna alama za kurasa alizoziweka juu ya kivinjari? Saa ya chini kulia inaendana na mpangilio wa namba?

---

Dada_wa_Bordero

Mstari wa chini ni uleule, Word, Chrome, halafu programu ya printa. Kwenye Chrome kuna alama za kurasa za shule tatu na za ofisi moja ya serikali. Saa zinafuatana: 41 asubuhi, 42 mchana wa siku hiyo, 44 kesho yake. Kwenye ile ya 44, nyuma ya dirisha, linaonekana fishie la Word lenye kichwa "Lettre de motivation".

---

Mama_Trezo

Huyo ni kijana wa sekretaria pibliki! Barua za kuomba kazi, fotokopi, kuingiza watoto shule. Ndiyo kazi zao.

---

Tantini_Reso

Naamini hivyo, kwa asilimia kubwa. Na hapo hesabu ya shefu inabadilika sura. Wazazi watatu waliokwama kwenye "ordinatere" ni ordinatere moja na kijana mmoja. Huenda kivinjari chake ni cha zamani, au konekisio yake ndiyo inayozungusha Valider. Ukitumia pesa yote kurekebisha upande wa ordinatere kwa ajili ya hao, huenda umerekebisha ukurasa kwa ajili ya meza moja sokoni.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Waliotuma kaptire si mfano mzuri wa wote. Kwenye simu kaptire ni vidole viwili na kutuma, tayari. Kwenye ordinatere wengi hawajui namna, wanaandika maneno matupu, au wanapiga picha kioo cha ordinatere kwa simu. Utaitambua kwa mistari ya mawimbi juu ya kioo, na mara nyingine kibodi inaonekana chini. Hiyo ihesabu ordinatere, ingawa imetoka kwenye simu. Kwa hiyo ukichukua uwiano wa wenye kaptire ukautandaza juu ya wasio na kaptire, simu itazidi kuliko ilivyo.

---

Dada_wa_Bordero

Sasa hizo zisizo na picha wala tendo la kueleweka niziweke wapi? Ni nyingi, na shefu hataki kuona safu ya "haijulikani". Anasema inaonyesha hatukufanya kazi.

---

Petit_wa_Kodi

Zigawe nusu kwa nusu. Angalau haupendelei upande.

---

Tantini_Reso

Sikubali. Nusu kwa nusu nayo ni dai, na hauna cha kulitetea. Weka safu ya "haijulikani", na ndani yake andika unachokijua: kwamba mesaji ilitoka kwa simu, au ilipelekwa mbele, na kwamba kifaa kilichokwama hakitajwi.

---

Petit_wa_Kodi

Tantini, na shefu akitoa mwenyewe uamuzi kwa kukisia? Safu kubwa ya "haijulikani" inamwachia mlango. Mimi ningetoa hesabu mbili: kama zote zisizojulikana ni simu, na kama zote ni ordinatere. Aone jibu linageuka au haligeuki.

---

Tantini_Reso

Hilo la mwisho naweza kulipokea. Kama jibu halibadiliki kwa pande zote mbili, mmemaliza. Likibadilika, mesaji za zamani haziwezi kumwamulia, na asizilazimishe.

---

Fundi_Kamalondo

Na bale ba tableti munabaweka wapi? Umbo yabo si ya simu, si ya ordinatere.

---

Tantini_Reso

Swali zuri, na sina jibu la kuridhisha. Tableti ya Android ikilazwa hutoa kaptire iliyolala, ambayo kwa mbali unaweza kuidhania leptopu. Mimi hutazama mstari wa saa na betri: ukiwa juu ni tableti, saa ikiwa chini kulia ni Windows. Mac nayo ina saa juu, lakini kaptire yake ya Kifaransa huitwa `Capture d’écran 2024-03-12 à 08.14.22.png`, ile `à` katikati ndiyo inayoitoa. Kama picha imekatwa kingo, sijui.

---

Dada_wa_Bordero

Asanteni. Kesho naanza upya, safu mbili: kilichoandika na kilichokwama. Na mchana napita sokoni nikaone kama huyo kijana yupo. Mama Trezo, ni upande gani wa soko?

---

Mama_Trezo

Upande wa wauza sambaza na makaa, si ule wa nguo. Ana meza ya bluu na mwavuli. Nenda kabla ya saa 8, baada ya hapo umeme mara nyingi unakatika naye anafunga. Na muulize kivinjari chake cha mwaka gani, maana mimi pia alinichelewesha.